Uzi: Cheti cha seva ya kuingilia kiliisha muda, kampuni nzima ikabaki nje. Hili ndilo tangazo nililowaandikia wafanyakazi

Zamu_ya_Seva (Lubumbashi)

Habari zenu wote. Nasimamia seva za kampuni ya usafirishaji hapa Lubumbashi. Tuna maghala mjini, Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, kuanzia saa 4:20 asubuhi, hakuna mfanyakazi aliyeweza kuingia upya katika programu zetu kuu za kazi. Barua pepe, stoku, mafuta ya malori, mishahara, zote zinapitia mlango mmoja wa kuingilia, na mlango huo ulikwama siku ambayo watu wanangoja mshahara.

Simu ya kwanza ilitoka Kasumbalesa saa 4:27. Karani alisema anaandika neno lake la siri, ukurasa unalikubali, halafu programu ya stoku inamrudisha nje. Tulidhani ni yeye peke yake, tukambadilishia neno la siri. Tukambadilishia na wa pili, wa tatu, wa nne. Karibu nusu saa ilipotea hivyo, na inaniuma mpaka leo, kwa sababu maneno ya siri hayakuwa na kosa lolote. Ni saa 4:50 nilipofungua kumbukumbu za seva ya stoku nikakuta maneno `certificate has expired`, ndipo nikaelewa.

Nilitafuta mfano wa tangazo la namna hii kwa Kiswahili nikakosa. Basi ninaweka letu kama lilivyotoka saa 5:10, bila kulirekebisha. Likosoeni, maana nataka la kesho liwe bora.

*TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE. Ijumaa 28 Machi 2025, saa 5:10 asubuhi.*

*Tangu saa 4:20 huwezi kuingia katika barua pepe, stoku, mafuta wala mishahara. Kosa si lako na si la neno lako la siri. Usilibadilishe, na usijaribu maneno mengine, maana ukikosea mara tano akaunti itajifunga kwa dakika 30 na utabaki nje hata baada ya sisi kurekebisha.*

*Sababu ni hii. Unapoingia, seva yetu inakuandikia barua ya utambulisho na kuipiga muhuri, kisha programu inakagua muhuri kabla ya kukufungulia. Cheti cha muhuri huo kiliisha muda leo saa 4:20. Seva bado inaandika barua, lakini programu zinaikataa. Hakuna mtu aliyevunja mifumo yetu na hakuna data iliyopotea.*

*Kama tayari uko ndani ya programu, baki ndani. Usibonyeze kitufe cha kutoka, usifunge brauza, usizime kompyuta. Ukitoka hutarudi mpaka tumalize. Mwenzako akiwa nje na wewe uko ndani, usimpe kiti chako afanye kazi kwa jina lako. Mwite mkuu wa idara.*

*Malori yaendelee kutoka. Tumieni daftari la bodero la kaboni lililo kwa mkuu wa kila ghala. Andikeni namba ya plaki, uzito, jina la shofere, saa ya kutoka, na sahihi mbili. Bodero hizo zitaingizwa katika stoku baadaye na karani yuleyule aliyeziandika.*

*Mafuta: lita zisizidi za safari ya kawaida ya lori hilo, na mkuu wa ghala asaini mwenyewe.*

*Mishahara: hesabu ilikamilika jana, imebaki idhini tu. Asiwepo mtu wa kutuma faili la benki kutoka kompyuta yake binafsi wala kwa Watsapu.*

*Hakuna mtu wa idara yetu atakayekuomba neno la siri wala namba inayokuja kwenye simu. Ukipata ujumbe wenye kiungo cha kuthibitisha akaunti, usikifungue. Ukitaka uhakika, piga namba ya dawati iliyo nyuma ya kadi yako ya kazi.*

*Tunatengeneza cheti kipya sasa. Programu zote zitarudi kabla ya saa 8:00 mchana. Habari nyingine itatoka saa 6:30, hata kama hakuna jipya.*

Mwisho wa tangazo. Semeni.

---

Kijana_Likasi

Bakubwa, mie niliisha kubadilisha modepasi mara tatu na bado inakatala. Ni ile cheti yenu ndiyo inanizuia? Nilibadilisha simu wiki iliyopita, na ile programu ya namba sita haiko tena kwenye simu mpya.

Zamu_ya_Seva

Hapana ndugu yangu, yako ni shida nyingine. Wewe unakwama kwenye ukurasa wa kuingilia wenyewe, unaombwa namba na huna. Sisi tulipita ukurasa huo salama, tukakataliwa na programu upande wa pili. Nenda kwa mtu wa kompyuta wa kazini kwako na kadi yako mkononi, aisajili simu mpya. Modepasi iache ilivyo.

Kijana_Likasi

Sawa mkubwa. Asante.

---

Fundi_Katuba

Pole na hayo. Lakini dawa ilikuwa rahisi. Cheti kikiisha muda unarudisha saa ya kompyuta nyuma siku moja, mambo yanaendelea, huku unatafuta cheti kipya kwa utulivu. Mimi nilishafanya hivyo kwa mteja wangu na tovuti ikafunguka.

Mzee_wa_Funguo

Fundi, nakuamini kwamba tovuti ilifunguka, kwa sababu pale aliyekuwa anakagua tarehe ni brauza ya mteja wako, na brauza inafuata saa ya kompyuta iliyomo. Hapa anayekagua ni seva ya programu. Kompyuta ya mfanyakazi ni kama mtu wa baiskeli aliyepewa bahasha aipeleke ofisi ya pili. Hakagui muhuri, anapeleka tu. Ukimbadilishia saa ya mkononi, karani wa ofisi ya pili bado anatazama saa yake ya ukutani.

Tena utamuumiza. Kompyuta za kazi zilizo kwenye domeni ya Windows zikipishana na seva kwa zaidi ya dakika 5, zinaanza kukataliwa hata mafaili ya ndani. Na simu ikirudishwa saa nyuma, zile namba sita zinazobadilika kila sekunde 30 hazitalingana tena. Umeanza na shida moja, jioni una tatu.

Fundi_Katuba

Basi urudishe saa ya seva ya programu.

Mzee_wa_Funguo

Ile barua ya utambulisho ina muda wake ndani, kwa kawaida dakika chache tu: isitumike kabla ya saa fulani, isitumike baada ya saa fulani. Ukirudisha seva ya programu nyuma siku moja, barua iliyoandikwa sasa hivi inaonekana imetoka kesho, na inakataliwa kwa sababu hiyo. Utazirudisha seva zote mbili? Basi kila bodero na kila idhini ya mshahara iliyofanyika siku hiyo itakuwa na tarehe ya uongo. Mkaguzi wa hesabu akikuuliza utamjibu nini?

Fundi_Katuba

Hapo kwenye tarehe za bodero umenishika. Sikuwaza mambo ya ukaguzi.

---

Nuru_Goma

Mimi nina maswali mawili, Zamu. Kwanza, tangazo mlilituma kwa njia gani wakati barua pepe yenyewe imefungwa? Pili, hapakuwa na kitu cha kuwaonya? Sisi hapa tuna programu inayotazama vyeti vyote na kupiga kelele siku 30 kabla.

Zamu_ya_Seva

La kwanza: tulipiga simu kwa wakuu wa maghala wote wanne, mmoja mmoja, tukawasomea. Kisha nikaliweka kwenye kundi la Watsapu la wakuu wa idara, nao wakalichapa na kulibandika getini na kwenye mlango wa magazini. Mashine za kuchapa zilifanya kazi kwa sababu hazipitii mlango huo. Kasumbalesa mkuu wa ghala aliogopa kulibandika. Alinipigia kuhakikisha ni mimi. Nilimshukuru kwa moyo wote. Ujumbe wa Watsapu unaosema akaunti zimefungwa unafanana kabisa na ujumbe wa wezi, ndiyo maana niliweka ile namba ya nyuma ya kadi. Namba ambayo mtu anayo tayari mfukoni ni bora kuliko namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe unaotiliwa shaka.

La pili linanichoma. Tulikuwa na programu ya kutazama vyeti kama yenu, na Ijumaa yote ilionyesha kijani.

Mzee_wa_Funguo

Nuru, nenda katazame yenu leo, usingoje. Seva ya kuingilia ina vyeti viwili. Kimoja ni cha anuani, kile kinachofanya brauza ionyeshe kufuli. Hicho siku hizi kinajitengeneza upya chenyewe, na programu yako inakiona kwa sababu inagonga mlango wa 443 kama mgeni yeyote. Cha pili ni cha kusaini, kinakaa ndani ya faili la metadata la seva, lile ambalo programu zinasoma ili ziujue muhuri wake, na hakuna mgeni anayegonga mlango anayekiona. Ukitumia `openssl s_client` utaonyeshwa kile cha kwanza tu.

Dalili pia hazifanani. Cha anuani kikiisha, mfanyakazi anaona onyo kubwa la brauza kabla hata ya kuandika jina lake. Cha kusaini kikiisha, ukurasa unafunguka vizuri, neno la siri linakubalika, na kosa linatokea kwenye programu. Yule karani wa Kasumbalesa alisema hivyo hivyo saa 4:27. Angesikilizwa neno kwa neno, ile nusu saa isingepotea.

Ili kukitazama, fungua metadata, nakili maandishi yaliyo ndani ya `X509Certificate`, yaweke kwenye faili kati ya mistari ya `-----BEGIN CERTIFICATE-----` na `-----END CERTIFICATE-----`, kisha:

```
openssl x509 -in kusaini.pem -noout -enddate
```

Nuru_Goma

Nimefanya sasa hivi. Yetu inaisha mwaka 2027, na ni kweli, programu yetu haiioni kabisa. Inaona ile ya kufuli tu. Asante sana, mzee.

---

Zamu_ya_Seva

Naongeza jambo ambalo sikuliandika kwenye tangazo, kwa sababu wafanyakazi halikuwahusu, lakini ninyi litawasaidia. Hatukuwa tumesahau cheti. Tarehe ilikuwa kwenye kalenda ya ukutani: Jumamosi 29 Machi. Tulipanga kukibadilisha Jumamosi hiyo alfajiri, maghala yakiwa hayana watu. Kilitutangulia kwa siku moja.

Aliyekitengeneza, ambaye hayuko tena kazini kwetu, alikitengeneza tarehe 29 Machi 2022 kwa siku 1095. Siku 1095 ni miaka mitatu ukihesabu 365 mara tatu. Akaandika kwenye kalenda 29 Machi 2025, na sisi wote tukaiamini kalenda. Lakini katikati kuna Februari 29 ya mwaka 2024. Kutoka 29 Machi 2022 hadi 29 Machi 2025 ni siku 1096. Tazama kilichoandikwa ndani ya cheti chenyewe:

```
notAfter=Mar 28 08:20:14 2025 GMT
```

Na saa nayo. Cheti cha namna hii kinaisha saa ileile kilipotengenezwa, si usiku wa manane. Yeye alikitengeneza saa 4:20 asubuhi akiwa ofisini, kwa hiyo kikafa saa 4:20 asubuhi, ofisi zimejaa. Ile 08:20 ni saa ya GMT. Sisi Lubumbashi tuko mbele kwa saa 2, kama ninyi wa Goma na Bukavu. Kinshasa wako mbele kwa saa 1.

Fundi_Katuba

Ee bwana. Siku moja ya Februari.

---

Kasumba_Transit

Mimi ni karani wa malori hapa Kasumbalesa, kwa kampuni nyingine, lakini hii ya bodero za karatasi naijua sana kwa sababu kwetu mtandao unakatika kila mara. Tangazo lenu limesema nini kiandikwe kwenye bodero. Halikusema namba ya bodero iwekwe wapi wakati wa kuingiza.

Nieleze kilichotupata mwaka jana. Lori lilitoka na bodero ya karatasi saa 5. Mtandao ukarudi saa 7. Karani wa asubuhi akaingiza bodero zake, lakini moja alikuwa ameiacha mezani, nakala ya pinki. Karani wa jioni akaiona, akadhani haijaingizwa, akaiingiza tena. Kwenye stoku lori moja likawa limebeba tani 30 mara mbili, na hesabu ya mwisho wa mwezi ikaonyesha shimo la tani 30. Shofere aliitwa kuhojiwa kama mwizi. Mtu mwenye watoto, hakulala siku mbili.

Sasa tunafanya hivi: namba iliyochapwa juu ya karatasi, ile nyekundu, inaandikwa kwenye sehemu ya maelezo ya stoku, na karatasi inapigwa mstari wa kalamu kona hadi kona mara inapoingizwa. Karatasi yenye mstari haiguswi tena. Pia mnaandika kwenye tangazo bodero ya kwanza na ya mwisho ya siku hiyo, mfano kutoka 4410 hadi 4437, ili ijulikane zote 28 ziko wapi.

Zamu_ya_Seva

Umenisaidia kweli. Sisi tuliacha kwa karani yuleyule aliyeandika tukidhani inatosha. Kolwezi bodero mbili zilibaki mfukoni mwa karani aliyekwenda nyumbani saa 9, tukazipata Jumatatu. Nitauongeza mstari wa kona.

---

Bi_Mishahara (Bukavu)

Nimesoma uzi wote. Mimi nalipa mishahara ya watu 140, na nataka kusema kwa upande wetu. Zamu, tangazo lako ni wazi, mtu analielewa. Lakini umeandika programu zote zitarudi kabla ya saa 8 mchana. Je, zilirudi?

Zamu_ya_Seva

Stoku ilirudi saa 5:40. Barua pepe na mafuta saa 6:15. Mishahara saa 10:40 jioni, wakati benki inafunga kupokea mafaili saa 9:00. Watu walilipwa Jumatatu tarehe 31.

Bi_Mishahara

Basi hapo ndipo tangazo liliwaumiza. Mtu akisoma saa 8 mchana anapanga. Anamwambia mwenye nyumba njoo jioni. Anamwambia mama wa duka nitapita. Kama ungeandika kwamba mishahara haina saa ya uhakika na huenda ikafika Jumatatu, watu wangelalamika saa 5, lakini wangeweza kujipanga saa 5. Hiyo ni bora kuliko kulia saa 11 jioni getini. Sisemi kwa ubaya, baba. Nimesimama kwenye geti hilo.

Zamu_ya_Seva

Hujasema kwa ubaya, umesema kweli. Niliandika saa 8 kwa sababu nilijua kazi ya kutengeneza cheti ni dakika 15, na tulikuwa nacho saa 5:25. Sikuwaza kwamba cheti kipya lazima kila programu ikipokee, moja moja.

Stoku inasoma metadata yetu yenyewe mara moja kila saa 24. Tuliilazimisha isome papo hapo, ikakubali. Barua pepe na mafuta tuliingia kwa akaunti za dharura, zile ambazo hazipitii mlango wa kuingilia. Maneno yake ya siri yalikuwa kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la chuma la mkurugenzi wa fedha. Bahasha tuliifungua watu wawili, tukaandika saa na sahihi.

Mishahara iko kwa mtoa huduma wa nje. Ukurasa wa kupakia cheti kipya uko ndani ya programu hiyo, na ili uingie unahitaji kile cheti. Walipotuunganisha na mlango mmoja, akaunti ya dharura ilizimwa, na hakuna aliyeuliza. Ikabidi wao wapakie kwa mkono wao. Nao, kwa haki kabisa, walikataa kupokea cheti kutoka kwa mtu asiyejulikana. Mngewalaumu kama wangekubali: anayeweza kubadilisha cheti hicho anaweza kujiandikia barua ya utambulisho kwa jina la mkurugenzi.

Walipiga wenyewe namba ya mkurugenzi iliyo kwenye mkataba, wakaomba tuwasomee alama ya kidole ya cheti. Ni jozi 32 za herufi na tarakimu. Nilisoma nikiwa nimesimama karibu na dirisha ili simu ishike. B na D zilikuwa zinasikika sawa, nikaanza kusema B ya Bukavu, D ya Dilolo. Mara ya kwanza tulifika jozi ya 19 laini ikakatika. Tulianza upya.

Bi_Mishahara

Asante kwa kueleza. Nitauliza mtoa huduma wetu kama akaunti ya dharura ipo. Nahofia jibu.

---

Mzee_wa_Funguo

Hapa naweka wazo ambalo wengine hawatalipenda. Mlitengeneza ufunguo mpya, ule ambao seva inapigia nao muhuri, na cheti kipya pamoja. Kwa dharura ya saa 5 ya mwisho wa mwezi, mngeweza kutengeneza cheti kipya juu ya ufunguo uleule wa zamani. Ufunguo haukuibiwa, tarehe tu ndiyo iliisha. Programu zinazolinganisha ufunguo peke yake zingekubali bila kuguswa.

Zamu_ya_Seva

Na zile zinazolinganisha cheti kizima?

Mzee_wa_Funguo

Hizo lazima zipakiwe upya hata hivyo. Sijui ya mishahara ni ya aina gani, na wewe pia hujui mpaka ujaribu. Kuna nyingine hazikagui tarehe ya cheti cha kusaini kabisa. Zinasema: ufunguo huu niliukabidhiwa na mwenye nyumba, mpaka aniambie nisiuamini nitauamini. Nani kwenu aliendelea kufanya kazi Ijumaa bila kujua kuna shida?

Zamu_ya_Seva

Programu ya matengenezo ya malori. Watu wa gereji waliingia na kutoka asubuhi nzima, wakashangaa tunazungumzia nini.

Mzee_wa_Funguo

Umeona. Kwa hiyo tangazo liwe na mstari mmoja: kama programu yako bado inafunguka, endelea, si kosa na hujavunja sheria. Wafanyakazi waaminifu huogopa wakisikia mifumo yote imefungwa wakati yao inafunguka.

Nuru_Goma

Mimi sikubaliani na kutumia ufunguo wa zamani. Aliyeutengeneza ameondoka kazini. Unajua kama hana nakala?

Mzee_wa_Funguo

Swali zuri. Lakini kama una shaka hiyo, ulipaswa kuubadilisha siku aliyoondoka, si siku cheti kilipoisha. Kuisha kwa tarehe hakukupi usalama ambao hukuutafuta.

Nuru_Goma

Na bado, nafasi ya kuubadilisha ilijitokeza Ijumaa. Mimi ningeitumia, hata kama mishahara ingechelewa.

Bi_Mishahara

Dada, sema hivyo baada ya kusimama getini.

---

Fundi_Katuba

Sasa mimi nauliza kwa kujifunza, si kwa kubisha. Mara ijayo mnabadilishaje bila watu kufungiwa nje?

Mzee_wa_Funguo

Unaweka vyeti viwili ndani ya metadata, cha zamani na kipya, wiki kadhaa kabla. Seva inaendelea kusaini kwa cha zamani. Programu zinazosoma metadata zenyewe zinaanza kuviamini vyote viwili bila mtu kuhisi. Zile za kupakiwa kwa mkono unazipakia moja moja, kwa ratiba yako. Zote zikishakijua kipya, unaigeuza seva isaini kwa kipya. Cha zamani unakitoa baadaye.

Kikwazo ni kwamba baadhi ya programu zina nafasi ya cheti kimoja tu. Hizo lazima ugeuze pande zote mbili dakika ileile, na dakika hiyo watu wako nje. Ndipo tangazo linatakiwa kutoka siku tatu kabla: Jumamosi hii, saa 12 asubuhi, dakika 20.

Kasumba_Transit

Jumamosi saa 12 asubuhi hapa mpakani tuna malori. Msisahau sisi. Watu wa mjini wakisema hakuna watu kazini, wanasema ofisi zao.

Zamu_ya_Seva

Imeandikwa. Nitampigia mkuu wa ghala la Kasumbalesa kabla ya kuchagua siku.

Nimetoka kukagua cheti kipya tulichotengeneza Ijumaa katika haraka ile. Kijana wangu alitumia amri ileile ya zamani, siku 1095. Nimemwambia asiandike chochote kwenye kalenda, aisome tarehe kutoka ndani ya cheti:

```
openssl x509 -in kusaini.pem -noout -enddate
notAfter=Mar 27 09:25:40 2028 GMT
```

Februari ya 2028 nayo ina siku 29. Ingekuwa siku moja kabla tena, Jumatatu saa 5:25 asubuhi, mwisho wa mwezi. Tumepanga kukibadilisha mwishoni mwa Januari 2028, na kila usiku seva inajiuliza yenyewe kama zimebaki siku 60:

```
openssl x509 -in kusaini.pem -noout -checkend 5184000
```

Jibu likiwa baya, ujumbe unakwenda kwa watu watatu na kwenye simu ya dawati, si kwa mtu mmoja anayeweza kuhama kazi. Tangazo jipya nitaliweka hapa kesho, likiwa na mstari wa kona wa Kasumba, ule wa programu zinazofunguka, na bila saa ya mishahara.

Kijana_Likasi

Mkubwa, simu mpya wameisajili leo. Niliingia. Modepasi ilikuwa ile ya tatu.